Picha Ilipatikana Tulipolifuta Neno Biriani

Ujumbe wa kwanza niliomtumia kijana wa picha ulikuwa mstari mmoja tu: "Nataka picha nzuri za vyakula vya Pwani kwa menyu mpya, ziwe za kuvutia." Jioni ileile akaniletea picha kumi na mbili. Nilizifungua nikiwa nimesimama jikoni, nikazipitia moja moja, na hakuna hata moja iliyokuwa chakula changu.

Biriani ilikuwa ndani ya chungu cha shaba, wali umechanganywa na nyama, juu yake majani ya mnanaa, korosho na yai la kuchemsha lililokatwa katikati, kando bakuli la mtindi. Mahamri yalikuwa mviringo yenye tundu katikati, yamenyunyiziwa sukari nyeupe. Mbaazi za nazi zilikuwa njegere. Samaki wa kupaka alikuwa mnofu wa waridi usio na kichwa wala mfupa, umelazwa juu ya vipande vya limau. Na karibu kila picha ilikuwa na bahari nyuma yake, minazi, na mashua yenye tanga.

Mkahawa wangu uko ghorofa ya kwanza, South C. Ukitazama dirishani unaona nyaya za stima na paa za mabati. Nimezaliwa Mombasa na chakula ninachopika ni cha kwetu, lakini anayekuja kula kwangu anapanda ngazi za Nairobi, na mara nyingi amevaa koti.

Nikampigia simu nikiwa nimekasirika kidogo. Akaniambia kwa upole, "Mama, mimi naandika maagizo, akili unde inachora. Lakini sijawahi kula biriani ya Mombasa. Nimeandika ulichoniambia." Alikuwa na haki. Kwao ni Magharibi, chakula anachokijua kwa undani ni kingine, na mimi nilimpa jina la chakula nikidhani nimempa chakula.

Nikamwambia aje Ijumaa mchana, ale kwanza. Kisha nikaketi siku mbili nikaandika waraka wa kurasa nne. Waraka huo ndio nataka kuueleza hapa, kwa sababu wenye mikahawa wengi ninaowajua sasa wanatengenezesha picha za menyu kwa njia hii, na wote tunaanza na mstari uleule mmoja.

Kitu cha kwanza ambacho kijana alinielewesha wakati anakula ni kwa nini mashine ilikosea. Mashine hizi zimefundishwa kwa picha nyingi mno zenye maelezo yaliyoandikwa pembeni. Neno biriani likionekana katika maelezo hayo, mara nyingi picha iliyo kando yake ni ya biriani ya Bara Hindi, kwa kuwa ndizo zilizojaa mtandaoni. Kwa hiyo ukiandika jina, mashine haikisii ni mpishi gani anayeuliza, inakupa kile ambacho jina hilo limeambatana nacho mara nyingi zaidi. Ugali inaugeuza viazi vya kupondwa kwa njia hiyohiyo. Chakula chenye picha chache huvutwa kuelekea chakula chenye picha nyingi kinachofanana nacho.

Dawa yake, akasema, ni kukieleza chakula kama mtu anayeona sahani bila kujua jina lake.

Basi katika waraka nikaiandika biriani hivi, na ninainakili kama ilivyo: "Sahani nyeupe ya duara, ya upana wa sentimita 28, imetumika, haina nakshi. Wali mrefu, mkavu, punje hazijashikana. Wali mwingi ni mweupe, na ndani yake kuna punje chache za manjano na za machungwa, kwa mafungu mafungu, kama wali uliomwagiwa rangi mahali pachache ukageuzwa. Masala hayakuchanganywa na wali. Yamewekwa upande mmoja, yanapanda juu ya wali kidogo. Ni mazito, rangi yake ni hudhurungi yenye wekundu wa nyanya, hayatiririki, na mafuta yanaonekana pembeni tu. Ndani ya masala kuna vipande viwili vya nyama ya mbuzi vyenye mfupa na kiazi kimoja kizima kilichokaangwa kikawa rangi ya dhahabu. Juu kuna vitunguu vilivyokaangwa hadi vikakauka. Pembeni mwa sahani, nusu ya ndimu na ndizi mbivu moja yenye ganda lake. Kachumbari iko katika kibakuli chake."

Kuandika hivyo kulinichosha kuliko kupika. Sikuwahi kufikiri kwamba ndizi ni sehemu ya biriani hadi nilipojaribu kumwelezea mtu asiyejua. Wala sikuwahi kuhesabu nyama. Lakini kuhesabu ndiko kulikokuwa na maana zaidi, na nitarudi kwa jambo hilo nikifika kwenye matumizi.

Chini ya maelezo nikaweka orodha ya visivyotakiwa: mnanaa, mtindi, korosho, yai, chungu cha shaba, moshi mwingi. Kijana akaisoma akacheka, kisha akanieleza jambo ambalo lingeniponza kama ningeandika maagizo mwenyewe. Ukiiambia mashine "usiweke mnanaa", neno mnanaa limeshaingia ndani ya maagizo, na mara nyingi mnanaa utaota juu ya wali. Mashine inaelewa vizuri kilichotajwa kuliko kilichokatazwa. Kwa hiyo orodha ya makatazo inamfaa binadamu anayeusoma waraka, ajue cha kukataa picha zikija. Kwenye maagizo yenyewe, yeye ama anataja tu kilichopo, ama anaweka makatazo mahali pake maalumu, ikiwa chombo anachotumia kina mahali hapo.

Aliniomba pia picha za simu. Nikapakua sahani, nikaipiga picha tatu: kutoka juu kabisa, kutoka pembeni kwa mwinamo wa mtu aliyeketi mezani, na karibu sana ili punje za wali zionekane. Hizo hazikukusudiwa kuchapishwa. Alizitumia kupima, na nyingine alizilisha mashine ziwe kielelezo cha rangi na mpangilio.

Haya ndiyo maagizo aliyofikia baada ya majaribio kadhaa. Mashine anayotumia inafuata Kiingereza vizuri zaidi, kwa hiyo kazi yake ilikuwa pia kunivusha kutoka lugha moja hadi nyingine:

```
used white round plate, dry long-grain rice, mostly white
with scattered yellow and orange grains, thick brown-red
goat stew on one side, two bone-in pieces, one whole
golden fried potato, half a lime, one ripe banana,
soft window light from the left, seen at 45 degrees
--ar 4:5 --no mint, yogurt, egg, cashew
```

Mstari wa mwisho unataja umbo la picha, upana 4 kwa urefu 5, kisha makatazo mahali pake. Ukiyatazama maagizo hayo, jina la chakula halimo. Alilifuta. Alinionyesha jaribio la kwanza, maelezo yaleyale pamoja na jina, na chungu cha shaba kilikuwa kimerudi ingawa tulitaja sahani nyeupe. Alipolitoa jina, chungu kikaondoka, na wali ukatulia ukawa mweupe wenye mafungu ya rangi. Nikaikodolea macho ile picha muda mrefu. Kwa mara ya kwanza niliona kitu ambacho mama yangu angeweza kukitambua.

Hesabu bado ilikuwa inasumbua. Aliagiza vipande viwili vya nyama, mashine ikatoa vitatu, vinne, wakati mwingine kimoja kikubwa. Hilo halitengenezwi kwa kuongeza maneno. Alizalisha picha nane kwa maagizo yaleyale, akanipa mbili zenye hesabu sahihi, mimi nikachagua moja. Kwa hiyo kwenye waraka, mahali pa kila chakula nimeandika kwa herufi nzito kile kinachohesabiwa, ili yeye achuje kabla hajaniletea.

Mahamri yalikuwa rahisi zaidi. Tatizo lilikuwa umbo. Kwetu unasukuma donge liwe duara, unalikata mara nne, kila robo inafura kwenye mafuta ikawa kama mto wenye pembe tatu, upande mmoja ukiwa mviringo. Nikaandika hivyo, nikaongeza kwamba moja limepasuliwa ili utupu wa ndani uonekane, na kwamba juu hakuna sukari wala unga. Mbaazi nikazieleza kwa ukubwa na rangi: punje za kahawia hafifu, nzima, na ganda lake, ndani ya tui zito jeupe linaloelekea krimu. Zamu ya pili tu tulikuwa tumemaliza.

Samaki nitamweleza mwisho.

Sasa hali ya picha, yaani ile hewa unayotaka mtu aihisi. Hapa ndipo wenye mikahawa huandika "iwe ya kifahari" au "iwe ya Kiafrika", na mwandishi wa maagizo hana la kushika. Nami nilikuwa nimeandika "ya Pwani", ndiyo maana nikaletewa bahari. Safari hii nikaandika saa na dirisha: "Mwanga ni wa saa nne asubuhi, unaingia kwa dirisha moja lililo upande wa kushoto, hakuna jua la moja kwa moja, kama siku ya Julai Nairobi yenye mawingu. Meza ni ya mbao, ina mikwaruzo. Nyuma hakuna mandhari, ni ukuta wa rangi ya krimu uliofifia. Mvuke kidogo au hakuna." Mwanga wa aina moja kwa picha zote ni muhimu kuliko uzuri wa picha yoyote, kwa sababu picha hizo zitakaa ukurasa mmoja. Kivuli cha biriani kikielekea kulia na cha mahamri kikielekea kushoto, msomaji hataeleza kosa, ila ataona kwamba vyakula hivyo havikupikwa nyumba moja.

Nilitaka kanga chini ya sahani. Hapo kijana alinionyesha shida ambayo sikuitarajia. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Mashine inajua kwamba kanga ina maandishi, lakini haijui kuandika Kiswahili juu ya nguo. Ikatoa kanga nzuri sana yenye herufi zilizofanana na maneno, na hakuna neno hata moja. Mtu wa Nairobi asiyevaa kanga asingeona. Shangazi yangu angeona kabla ya kuona chakula, kwa sababu kanga unaisoma kwanza. Kanga isiyo na jina la maana, kwetu, ni kama salamu iliyotamkwa ovyo.

Tukabadilisha tukaweka kikoi, ambacho kina mistari na matamvua tu, hakina maandishi. Nikaandika katika waraka sheria moja kwa picha zote: pasiwe na herufi yoyote ndani ya picha, si kwenye nguo, si kwenye chupa, si ukutani. Majina na bei zitawekwa na mpangaji wa kurasa baadaye, kwa herufi halisi.

Kuna makatazo mengine mawili ya hali niliyoyaandika kwa sababu ya wateja wangu. La kwanza ni glasi. Ukitaja meza ya mkahawa, mashine hupenda kuweka glasi ya mvinyo nyuma, imefifia, kama pambo. Wateja wangu wengi ni Waislamu na jikoni kwangu ni halali tupu, na glasi hiyo hata ikiwa na maji ina umbo linalojulikana. Tukataja bilauri fupi ya maji ya ukwaju, ili nafasi ya kinywaji iwe imejazwa tayari. La pili ni mkono. Picha ya mtu anayekula ina joto, lakini mashine haijali mkono upi. Picha mbili kati ya tatu alizonionyesha zilikuwa na mkono wa kushoto ndani ya wali. Nikaandika: mkono ukiwepo, uwe wa kulia, na vidole vihesabiwe. Baadaye tukaamua kusiwe na mkono kabisa.

Kuhusu vipimo, niliandika mwanzoni neno "kubwa", na nimejifunza kwamba si kipimo.

Menyu yangu ni karatasi ya A3 iliyokunjwa mara moja, ikawa kurasa nne za A4. Mchapaji wangu kule River Road anataka picha zenye nukta 300 kwa kila inchi, na anataka rangi ivuke ukingo wa ukurasa kwa milimita 3, ili kisu kikikata kisiache mstari mweupe. Kutoka hapo hesabu ni rahisi. Unachukua upana kwa milimita, unagawa kwa 25.4 upate inchi, unazidisha kwa 300. Picha za ndani nilizipangia upana wa sentimita 8 na nusu, yaani takribani pikseli 1,004. Mashine ya kijana inatoa picha ya mraba yenye pikseli 1,024 kila upande. Kwa hiyo picha za ndani zinatosha jinsi zinavyotoka, bila kukuzwa, na hilo lilinifurahisha.

Jalada ni habari nyingine. Ukurasa wa A4 ni milimita 210 kwa 297. Ukiongeza milimita 3 kila upande unapata 216 kwa 303, na kwa nukta 300 hiyo ni pikseli 2,551 kwa 3,579. Picha ndefu inayotoka kwenye mashine ileile ilikuwa na pikseli 832 kwa 1,216. Ilibidi ikuzwe zaidi ya mara tatu.

Zipo programu za kukuza picha, na kijana aliitumia. Jambo ambalo mtu anafaa kulijua ni kwamba programu hizo hazivuti tu kilichopo, zinabuni kilichokosekana. Ngozi ya kiazi ilikuzwa vizuri. Wali haukukuzwa vizuri. Kwenye simu picha ilikuwa safi kabisa, lakini tulipochapa karatasi moja ya majaribio, punje za wali zilikuwa zimevimba, nyingine zimeunganika kwa ncha, nyingine zina mikunjo midogo kama ya funza. Nilipoitazama kwa umbali wa mkono nilihisi kichefuchefu. Ndiyo maana ninasisitiza: chapa kipande cha karatasi kwa ukubwa halisi kabla ya kukubali picha ya jalada, na uangalie vitu vidogo vilivyorudiwa mara nyingi, kama wali, mbegu za ufuta, au nyuzi za kitambaa. Huko ndiko kosa linakojificha.

Karatasi hiyo ya majaribio ilinionyesha na rangi. Kioo cha simu kinawaka, karatasi haiwaki. Rangi ya machungwa ya wali iliyokuwa kali kwenye simu ilishuka ikawa kama matope mepesi, kwa kuwa mashine ya chapa inachanganya wino wa rangi nne tu na haifikii rangi zote za kioo. Nikaongeza katika waraka kwamba rangi ziwe za wastani tangu mwanzo, karibu na zile za picha zangu za simu.

Kwa mitandao, niliorodhesha maumbo mawili: pikseli 1,080 kwa 1,350 kwa ukurasa wetu wa Instagramu, na 1,080 kwa 1,920 kwa stetasi ya Wasap. Umbo la pili lina mtego wake. Juu kuna jina la mwenye stetasi na chini kuna mahali pa kujibu, kwa hiyo sahani inatakiwa kukaa katikati, na juu na chini paachwe ukuta na meza vitupu. Huwezi kuikata picha ya mraba ukapata hiyo, utaikata sahani. Kwa sababu hii waraka unataja, kwa kila chakula, itatumika wapi, na picha inaagizwa kwa umbo lake tangu mwanzo. Nilianza na ndoto ya vyakula sita kwa maumbo matatu. Nilipoona ni picha kumi na nane za kukagua punje kwa punje, nikabaki na vyakula vinne.

Sasa matumizi, na hapa narudi kwa zile nyama mbili.

Picha ya menyu ni ahadi. Mteja anaonyesha kwa kidole, anasema "nipe hii". Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012, na inahesabu kumwonyesha mteja kitu kwa namna ya kumpotosha kuwa ni desturi isiyo ya haki. Lakini hata bila sheria, mimi ndiye nitakayesimama mezani mtu akiuliza kipande cha tatu kiko wapi. Picha ya kamera inaweza kudanganya kwa pembe na mwanga, ila angalau sahani ilikuwepo. Picha ya akili unde haina sahani nyuma yake. Kwa hiyo niliandika masharti: sahani iliyopo pichani iwe na hesabu ileile, ukubwa uleule na viungo vilevile vinavyoonekana kama sahani inayotoka jikoni. Mpishi wangu, si mimi wala kijana, ndiye anayeweka sahihi kwenye kila picha. Aliikataa biriani moja nzuri mno kwa sababu kiazi kilikuwa kikubwa kuliko kiazi chochote anachoweza kukipata kwa bei yetu. Nilimsikiliza.

Niliongeza pia kwamba ukurasa wa nyuma wa menyu utaandikwa kwa herufi ndogo: "Baadhi ya picha zimeundwa kwa kompyuta kufuata sahani zetu." Kijana alihofu kwamba maneno hayo yatawafukuza watu. Sikubaliani naye. Mtu anayesoma maneno hayo halafu akaletewa sahani inayofanana na picha, ameona kwamba tulisema kweli mara mbili.

Swali la mwisho la matumizi ni nani mwenye picha. Nilidhani nikilipa ni yangu. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema mtunzi wa kazi iliyotengenezwa na kompyuta ni yule aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Mipango hiyo ni ya nani, yangu niliyeandika sahani au yake aliyeandika maagizo? Hatukutaka kungoja tugombane ndipo tujue. Kuhamisha haki hiyo kunahitaji maandishi, kwa hiyo ukurasa wa nne wa waraka unasema wazi: picha zilizokubaliwa ni za mkahawa, kwa menyu, mabango na mitandao, bila kikomo cha muda. Zilizokataliwa hazitumiwi na yeyote. Maagizo yenyewe anabaki nayo, kwa kuwa ndiyo ufundi wake, ila ananipa nakala ya maagizo ya picha zilizokubaliwa ili nikiongeza chakula mwakani kifanane na hivi. Yeye anaweza kuonyesha picha hizo kama mfano wa kazi yake. Na kila picha ina zamu mbili za marekebisho, zaidi ya hapo tunakubaliana malipo upya. Tulitia sahihi sote wawili mezani, chai ikiwa mbele yetu.

Nimebakiza samaki.

Samaki wa kupaka wangu ni changu mzima, ninamnunua City Market asubuhi. Anachanjwa mbavuni mara tatu kila upande, anachomwa makaa hadi ngozi ishike weusi, kisha anapakwa tui zito lenye manjano na ukwaju, anarudishwa motoni, anapakwa tena. Utamu wake unaonekana pale ambapo tui limekauka likashika ngozi, na weusi wa makaa unachungulia chini yake. Niliyaandika yote hayo. Kijana alijaribu kwa siku tatu. Alipotaja tui, samaki alizama kwenye mchuzi. Alipotaja tui lililokauka, alitokea samaki aliyepakwa kitu kama unga wa kukaangia. Alipolisha mashine picha zangu za simu, tui lilikaa vizuri lakini pezi likaongezeka, na jicho likawa linatazama mahali ambapo jicho la samaki haliwezi kutazama. Zamu zote mbili zilikwisha, naye akaniambia, "Mama, huyu simwezi, na nikikuletea wa uongo mpishi atamkataa."

Wakati huohuo jalada la biriani lilikuwa limenishinda kwa sababu ya wali. Nikaitazama simu yangu. Kamera yake inatoa picha ya pikseli 3,000 kwa 4,000, na jalada linataka 2,551 kwa 3,579. Inatosha bila kukuza chochote. Samaki hana punje za kuvimba.

Tulisogeza meza hadi kwenye dirisha la kushoto tukazima taa zote, kwa sababu balbu zinatia tui rangi ya manjano isiyo yake. Upande wa kulia kijana alishika karatasi nyeupe ya manila ili irudishe mwanga kwenye kivuli. Kikoi kilekile kikawekwa chini, nami nikarudi nyuma hatua mbili nikavuta kwa lenzi ya pili ya simu, maana ukisogea karibu sana kichwa cha samaki kinakuwa kikubwa kuliko mwili. Mpishi alimpaka tui mara ya mwisho akiwa tayari kwenye sahani, na tulikuwa na kama dakika tano kabla halijaanza kuganda.

Lakini kabla ya hapo nilifungua waraka na kuurekebisha, ili usiseme kitu ambacho hatukufanya. Mbele ya samaki wa kupaka palikuwa pameandikwa "iundwe". Nikalifuta neno hilo nikaandika: "ipigwe, umbo la A4, jalada, Ijumaa saa nne asubuhi, kabla watu hawajaanza kuja kutoka msikitini."